Mwalimu mpya akiripoti: maswali ya walimu wakuu kuhusu ulezi, uangalizi wa darasa na fomu za mrejesho

Maswali haya hutoka kwa walimu wakuu na walimu wa taaluma wa shule za msingi za kandokando ya ziwa: Sengerema, Buchosa, Ilemela, Magu na visiwa vya Ukerewe. Majibu yamelenga shule ya kawaida ya huku, yenye walimu wachache na madarasa makubwa, ambako hakuna mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya kulea walimu wapya peke yake. Mahali nilipoandika "mlezi", namaanisha mwalimu mzoefu aliyepewa mwalimu mpya mmoja amsaidie katika mwaka wake wa kwanza.

Mwalimu akiripoti Jumatatu, ulezi uanze lini?

Uanze siku hiyo hiyo, ila kumwangalia darasani kusubiri. Wiki mbili za kwanza mtu huyu anatafuta chumba na maji, anafuatilia posho ya kujikimu na taarifa zake za mshahara huko halmashauri, na anajifunza majina. Ukimwingilia darasani na karatasi mkononi wakati bado analala kwa mwenyeji, utakachokiona ni uchovu.

Kazi ya mlezi katika wiki hizo ni ndogo na ya wazi. Amwonyeshe azimio la kazi la somo lake limefikia wapi, kitabu cha kiada kinakaa kwa nani, zamu zinaendaje, mwanafunzi akiugua anapelekwa wapi. Na amkaribishe kwenye darasa lake yeye mlezi. Hili wengi hulisahau: mwalimu mpya ndiye anayepaswa kuangalia kwanza. Akikaa nyuma vipindi viwili vya mlezi wake na akaona naye anakosea na kujisahihisha mbele ya watoto, ile hofu ya kuangaliwa hupungua.

Kama ratiba inaruhusu, mpe theluthi mbili ya vipindi katika mwezi wa kwanza. Najua shule nyingi haziwezi. Basi angalau asipewe uzamu kabla ya wiki ya tatu.

Nani awe mlezi?

Awe mwalimu anayefundisha somo hilo, au darasa la jirani, na ambaye watoto wake wanaandika. Pitia madaftari ya darasa lake kabla ya kumteua. Yatakuambia mengi kuliko miaka yake kazini. Asilee zaidi ya walimu wapya wawili.

Mwalimu mkuu asiwe mlezi, na mwalimu wa taaluma pia asiwe, ikiwezekana. Hao ndio watakaoulizwa maoni mwalimu atakapofika wakati wa kuthibitishwa kazini baada ya miezi 12 ya majaribio. Hakuna mtu atakayemwambia "sielewi namna ya kufundisha hiki" mtu ambaye kesho ataandika barua yake.

Muda wa ulezi unatoka wapi, wakati kila mtu ana vipindi tele?

Hapa ndipo mipango mingi inapofia. Mpango unaandikwa vizuri, unabandikwa ofisini, kisha mlezi na mwalimu mpya wanakuta kwamba hakuna hata saa moja katika wiki ambayo wote wawili hawako darasani. Wanaishia kuzungumza wakati wa chai, mbele ya watu, na mazungumzo ya chai hayawezi kuwa ya kweli.

Dawa yake ni kuanza na ratiba ya shule, kabla ya kuchagua tarehe yoyote. Kaa na mwandaaji wa ratiba na uombe vitu viwili tu. Kwanza, kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki ambacho mlezi na mwalimu mpya wote wako huru, kikiandikwa kwenye ratiba kama somo lolote lingine. Pili, kipindi kimoja ambacho mlezi yuko huru huku mwalimu mpya akifundisha somo lile wanaloshirikiana. Bila hicho cha pili, kila uangalizi utamlazimu mlezi kuacha darasa lake bila mtu, na atafanya hivyo mara moja tu.

Epuka kipindi cha mwisho cha Ijumaa na epuka siku ya gulio la kijiji chenu. Epuka pia kuweka mazungumzo saa ile ile walimu wanapoitwa vikao vya ghafla. Kila shule inaijua saa yake.

Ratiba ya mwaka ninayoipendekeza ni hii. Muhula wa kwanza, wakutane kila wiki kwenye kile kipindi chao. Mizunguko ya uangalizi iwe mitatu: wa kwanza wiki ya nne au ya tano tangu aripoti, wa pili karibu wiki ya tisa, wa tatu kabla ya mitihani ya muhula haijaanza kula vipindi. Muhula wa pili, wakutane kila baada ya wiki mbili, na mizunguko iwe miwili. Jumla ni mizunguko mitano kwa mwaka. Wapo wanaotaka kumi, na kwenye karatasi kumi inapendeza, lakini mitano iliyokamilika na mazungumzo yake ina faida kuliko kumi iliyoishia kwenye kutia sahihi.

Mzunguko mmoja unakwendaje hasa?

Una sehemu tatu: mazungumzo mafupi kabla, kipindi chenyewe, na mazungumzo baada. Kabla, dakika 10 hadi 15. Baada, dakika 30, siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Ukipita hapo, wote wawili wanakumbuka vitu tofauti. Tufuate mfano mmoja nilioutunga kutokana na mambo yanayojirudia katika madarasa ya huku.

Mwalimu mpya anafundisha Hisabati darasa la nne. Wanafunzi 86, madawati 24 katika mistari mitatu, watatu au wanne kwa dawati. Mada ni kulinganisha sehemu. Katika mazungumzo ya kabla, mlezi hamuulizi "leo nikuangalie nini?", kwa sababu jibu la swali hilo huwa ni "chochote tu, madamu". Anamuuliza: "Kuna jambo gani ukitoka darasani unakuwa huna uhakika nalo?" Mwalimu anasema hajui kama wanaelewa au wanaitikia tu. Hilo ndilo linaloandikwa juu ya fomu kuwa swali la kipindi.

Mlezi anachora ramani ya madawati kwenye daftari. Kila swali linapoulizwa, anaweka alama: "W" kama darasa zima limejibu kwa pamoja, au alama kwenye dawati la mtoto aliyejibu peke yake. Haandiki mengine mengi. Mwisho wa kipindi ana maswali 31. Kati ya hayo, 19 yamejibiwa kwa pamoja na 12 yamejibiwa na mtoto mmoja mmoja. Hayo 12 yamejibiwa na watoto saba tu, na wote saba wamekaa katika madawati matatu ya mbele ya kila mstari.

Ameandika pia maneno haya kama yalivyosemwa. Mwalimu: "Ipi kubwa, theluthi au robo?" Wengi: "Robo!" Mwalimu: "Hapana, theluthi. Theluthi ni kubwa kuliko nini?" Wote: "Robo!" Mwalimu: "Vizuri." Kisha akaendelea na mfano unaofuata.

Katika mazungumzo ya baada, mwalimu mpya ndiye anayeanza. Mlezi anaweka ramani mezani na kuuliza, "Unaona nini hapa?" Kisha ananyamaza, na kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote kwa mlezi. Mwalimu anaiona nusu ya nyuma haina alama hata moja. Baada ya hapo wanarudi kwenye yale maneno ya theluthi na robo. Kwa nini walisema robo? Kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Wamelinganisha asili, namba ya chini, kana kwamba ni namba nzima. Na kwa nini mara ya pili walijibu sawasawa? Kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limebeba jibu. Kumbe kiitikio kile cha pili hakikuonyesha kuelewa hata kidogo.

Sasa kuna mambo mengi ya kurekebisha: zana hazikuwepo, ubao umejaa, mtoto mmoja alilala. Mlezi anayaacha yote. Wanachagua hatua moja, na wanaiandika kwa sentensi moja inayoweza kuonekana kwa macho: "Katika kila kipindi cha Hisabati nitauliza angalau maswali mawili ambayo kila mtoto anajibu kwa vidole, na nitahesabu moyoni hadi tatu kabla ya kusema 'onyesha'." Vidole vitatu ni theluthi, vidole vinne ni robo.

Kuhesabu huko kuna sababu. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika kazi zake za miaka ya 1970 kuhusu masomo ya sayansi, aliona kuwa walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto hurefuka na wanaojibu huongezeka. Sekunde tatu mbele ya watoto 86 ni ndefu sana ukiwa umesimama pale. Ndiyo maana inafaa ziwe kwenye hatua yenyewe, zisiachwe kuwa ushauri wa mdomo.

Baada ya wiki moja mlezi anarudi kwa dakika 20 tu, na anaangalia jambo hilo moja. Vidole vinapanda, na karibu nusu ya darasa inaonyesha vinne. Mwalimu anapigwa na butwaa, lakini sasa anajua. Anachukua karatasi mbili zinazolingana, anakunja moja sehemu tatu sawa na nyingine sehemu nne sawa, anapitisha vipande kwenye madawati. Mlezi anaona pia tatizo jipya: watoto wa nyuma wanatazama vidole vya mbele kabla ya kuinua vyao. Wakikaa tena, marekebisho ni madogo: vidole viwekwe kifuani, visiinuliwe juu.

Ziara hii fupi ya pili ndiyo inayofunga mzunguko. Ikikosekana, kilichofanyika ni ukaguzi wenye maneno ya upole.

Fomu ya mrejesho iwe na nini?

Ukurasa mmoja, upande mmoja. Iwe hivi:

Tarehe, darasa, somo, kipindi cha ngapi, waliopo / walioandikishwa.
Swali la mwalimu kwa kipindi hiki.
Nilichoona na kusikia (nafasi kubwa kuliko zote, angalau nusu ya ukurasa).
Mwalimu mwenyewe anasema nini baada ya kuona hayo.
Hatua moja hadi tutakapokutana tena.
Mlezi atafanya nini kusaidia.
Tarehe ya ziara fupi.
Sahihi mbili.

Angalia yasiyokuwepo. Hakuna alama za 1 hadi 5, hakuna visanduku vya "nzuri sana, nzuri, wastani". Mara tu kunapokuwa na namba, macho ya mwalimu mpya huenda kwenye namba na hayarudi. Mlezi naye, akijua watalala mtaa mmoja na kukopeshana chumvi, atampa 4 kila mahali.

Sehemu ya "nilichoona na kusikia" ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kipimo chake ni kimoja: je, watu wawili waliokuwa darasani wanaweza kubishana kuhusu sentensi hii? "Wanafunzi hawakushirikishwa ipasavyo" inabishaniwa hadi jioni. "Maswali 12 ya mtu mmoja mmoja yalijibiwa na watoto saba" haibishaniwi. "Mwalimu anajiamini" ni maoni. "Mwalimu aliandika ubaoni dakika saba akiwa amewapa watoto mgongo" ni kitu kilichoonekana. Katika kikao cha kuwaandaa walezi, waleteeni sentensi kama hizi kumi zilizochanganywa wazitenganishe. Nusu saa inatosha na ina manufaa kuliko hotuba.

Mstari wa "mlezi atafanya nini" watu hutaka kuufuta. Uacheni. Unamkumbusha mlezi kwamba na yeye ana deni: kuazima karatasi, kumpisha akaangalie darasa lingine, kuandaa pamoja andalio la somo moja.

Mwalimu mkuu asizione fomu hizi? Mimi ndiye ninayewajibika.

Nakala halisi ikae kwa mwalimu mpya. Kwako mwalimu mkuu lije daftari dogo lenye safu tatu: jina, tarehe ya uangalizi, tarehe ya ziara fupi. Hilo linakutosha kujua kama kazi inafanyika.

Wewe bado unaingia darasani kwa wajibu wako mwenyewe, na wadhibiti ubora wa shule watakuja kwa wajibu wao, na tathmini ya utendaji inaingizwa kwenye mfumo wa PEPMIS kama kawaida. Hakuna ubaya wowote. Ila ukiingia kutathmini, sema kuwa umekuja kutathmini, na tumia fomu nyingine. Siku moja tu ukichomoa sentensi kutoka fomu ya ulezi na kuiweka kwenye tathmini ya kuthibitishwa, fomu zote zitakazofuata zitasema kila kitu ni kizuri.

Kuna mpaka mmoja wa siri hiyo, na uelezwe siku ya kwanza kwa wote wawili: jambo lolote la usalama wa mtoto. Mlezi akiona mtoto anaumizwa, anadhalilishwa au anafuatwa isivyostahili, haliandikwi kwenye fomu ya ulezi likasubiri ziara fupi. Linakuja ofisini siku hiyo hiyo.

Shule yetu iko kisiwani, na somo hilo lina mwalimu mmoja tu. Mlezi atoke wapi?

Gawanyeni ulezi mara mbili. Mlezi wa karibu awe mwalimu yeyote mzuri wa shuleni, hata kama anafundisha Kiswahili na mpya anafundisha Sayansi. Maswali kama nani anajibu na watoto wanaandika nini hayahitaji mtaalamu wa somo, na ule mfano wa vidole ungeweza kuonwa na mwalimu yeyote. Mlezi wa somo atoke shule nyingine ya kata, na mahali pa kukutana naye ni jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ya ngazi ya kata, ambayo tayari ipo kwenye kalenda. Muombe Afisa Elimu Kata awape hao wawili dakika 30 za peke yao mwisho wa kikao. Kwa wanaovuka maji kwenda kikaoni hiyo ndiyo safari moja ya mtumbwi badala ya mbili.

Kati ya vikao hivyo, simu inasaidia. Mwalimu arekodi sauti yake dakika 10 za kipindi, simu ikiwa mezani, aisikilize mwenyewe kwanza na kuhesabu maswali yake, ndipo ampigie mlezi. Sauti tu, hakuna picha za watoto, na ifutwe baada ya mazungumzo. Msiitume kwenye kundi la WhatsApp la shule, hata kwa nia njema.

Kwa nini fomu inadai idadi ya waliopo? Rejesta si ipo?

Kwa sababu katika vijiji vya dagaa darasa la leo siyo darasa la wiki ijayo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu uvuvi husimama, na siku za giza zinaporudi kuna kazi ya kuanika na kuokota ufukweni, na watoto wengine hawaonekani asubuhi au wanafika wakisinzia. Uangalizi wa kwanza ukifanyika kwenye mbalamwezi na wa pili kwenye giza, utalinganisha vipindi vya watoto 86 na 60 na kudhani mwalimu amebadilika. Ikiwezekana, uangalizi na ziara yake fupi viwe kipindi kile kile cha mwezi. Isipowezekana, idadi iwepo ili mtu ajue anasoma nini.

Tena inampa mwalimu mpya, hasa aliyetoka bara ya mbali na ziwa, swali la maana la kupanga na mlezi: wale 26 wakirudi, nitawafikishaje? Chuoni hawakumfundisha hilo.

Mwalimu mpya hajui Kisukuma wala Kikerewe, na darasa la kwanza hawajui Kiswahili vizuri. Hili ni la ulezi?

Ndiyo, na liingie mapema. Mlezi ampe maneno ya kazi ishirini hivi ya lugha ya watoto: kaa, sikiliza, onyesha, rudia, unaumwa wapi. Somo litaendelea kuwa kwa Kiswahili. Maneno hayo ni ya kumfanya mtoto wa wiki ya kwanza asikae kimya akijisaidia kwenye dawati kwa kukosa namna ya kuomba ruhusa.

Walezi na walimu wapya wasipoelewana?

Badilisha mlezi, na usidai sababu kwa maandishi. Wape wote ruhusa ya kuomba mabadiliko mwishoni mwa mwezi wa pili, iwe utaratibu wa kawaida, ili anayeomba asionekane amelalamika.

Nitajuaje kuwa mpango umebaki karatasi tu?

Omba mwalimu mpya, si mlezi, akutajie hatua anayoifanyia kazi wiki hii. Akisita, au akisema "kuboresha ufundishaji", hakuna mzunguko unaoendelea. Dalili nyingine ni tarehe: fomu tatu zenye wino mmoja na mwandiko usiotikisika, zilizojazwa kwa mkao mmoja siku moja kabla ya ugeni kutoka halmashauri. Na tazama ile safu ya tatu ya daftari lako. Safu ya uangalizi ikijaa na ya ziara fupi ikiwa tupu, rudi kwa mwandaaji wa ratiba kabla ya kumlaumu mlezi. Mara nyingi kipindi chao cha pamoja kimeshachukuliwa na masomo ya ziada ya darasa la saba.

Baada ya kuthibitishwa, ulezi unaishaje?

Kikao kimoja cha mwisho, wakiwa na fomu zote tano mezani, mwalimu achague hatua mbili alizozishika na moja aliyoiacha, aseme kwa nini aliiacha. Hiyo ya tatu ampelekee mwandaaji wa vikao vya jumuiya ya kujifunza ya shule, kwa sababu aghalabu si yeye peke yake aliyeshindwa nayo. Kipindi cha pamoja kwenye ratiba apewe anayefuata Januari.